Kitako na Mkono: Kulinganisha Vikaango vya Nonstiki, Sufuria za Presha na Chupa za Chai zenye Majina Makubwa

Mnunuzi anayeingia Kikuubo, mtaa wa maduka mjini Kampala, asubuhi na kutoka na kikaango cha nonstiki, sufuria ya presha na chupa ya chai, vyote vikiwa na majina yanayojulikana dunia nzima, amebeba vitu vitatu visivyoweza kupimwa kwa kipimo kimoja. Kila kimoja kina chapa kitakoni na kila kimoja kina mahali pa kushikia, lakini ushahidi wa chapa na ushahidi wa mkono haulingani uzito. Kwenye sufuria ya presha, chapa inaweza kukupa namba ya kuhakikiwa ukiwa bado umesimama dukani. Kwenye kikaango, chapa huaminika pale tu inapokubaliana na sumaku na futi. Kwenye chupa ya chai, chapa karibu haina la kusema, na skrubu moja ya mkono yaweza kumaliza mjadala.

Nayaandika haya nikiwa fundi. Meza yangu iko Katwe, na kazi inayonilisha ni kubadilisha mikono iliyovunjika, mipira ya vifuniko na vali. Nimejifunza kuutazama mkono kabla ya jina kwa sababu moja ya kibiashara tu: anayetengeneza bidhaa bandia hutumia pesa pale jicho linapotua kwanza, yaani kwenye boksi, rangi na jina, kisha hubana matumizi pale ambapo mteja hageuzi chombo kuangalia. Jina huchorwa kwa leza kwa sekunde chache. Mkono mzuri, kinyume chake, hudai kishikizo cha chuma, skrubu zenye nati na bakelaiti iliyokomaa, ile plastiki ngumu isiyoyeyuka, na gharama hiyo hurudi kwa kila chombo kinachotoka kiwandani.

Nianze na sufuria ya presha, kwa kuwa ndiyo inayoweza kuumiza mtu.

Mama mmoja anayepika maharage na chapati kwa ajili ya kuuza aliniletea sufuria mbili za presha zenye jina lile lile la Kihindi, zote zikiandikwa lita 5. Ya kwanza aliinunua kwa shilingi 165,000 kwa wakala, na ya pili kwa shilingi 90,000 kwenye kibanda. Akaziweka mezani na kusema, “Fundi, wameniambia hizi ni ndugu, lakini moja inanikataa.” Zikiwa zimesimama wima, hata mimi sikuweza kuzitofautisha. Nikazipindua.

Kwenye kitako cha ile ya kwanza, herufi zilikuwa zimebonyezwa ndani ya alumini, kiasi kwamba ukucha uliingia kwenye kila mstari na kukwama ukingoni. Kulikuwa na jina, ujazo, na alama ya Shirika la Viwango la India, ambayo watu wengi huiita ISI. Juu ya alama hiyo palisomeka IS 2347, ambayo ndiyo namba ya kiwango cha India cha sufuria za presha za nyumbani, na chini yake palikuwa na CM/L- ikifuatiwa na tarakimu za leseni ya kiwanda. Kwenye ile ya pili, jina lilikuwa zuri na linang’aa, na alama ya ISI ilikuwepo, lakini juu yake hapakuwa na namba na chini yake hapakuwa na leseni. Alama hiyo bila namba zake ni sawa na kitambulisho kisicho na namba ya mwenyewe. Nilipoipitisha pamba yenye asetoni, ile dawa ya kuondolea rangi ya kucha, nusu ya jina ikabaki kwenye pamba.

Namba ya leseni ndiyo inayoifanya chapa ya sufuria ya presha izidi chapa za vyombo vile viwili vingine. Shirika hilo la India lina programu ya simu iitwayo BIS Care, na ndani yake kuna sehemu ya Verify Licence Details, ambapo unaandika tarakimu za CM/L na kuoneshwa kampuni iliyopewa leseni, bidhaa inayohusika na kama leseni bado iko hai. Usiridhike kwamba namba imekubaliwa. Soma jina la kampuni na jina la bidhaa, kwa sababu waigaji hunakili leseni ya kweli ya bidhaa nyingine kabisa, na nimeshawahi kuandika namba ya sufuria nikajibiwa habari za kitu kisichohusiana na jikoni.

Kuna mpaka wa ushahidi huu, na si haki kuuficha. Tangu tarehe 1 Februari 2021, India imeifanya alama hiyo kuwa ya lazima kwa sufuria za presha zinazouzwa ndani ya nchi hiyo. Zinazotengenezwa kwa ajili ya kuuzwa nje zinaweza kutoka bila alama hiyo na bado zikawa halali na nzuri. Vivyo hivyo, sufuria ya presha ya jina la Ulaya haitakuwa na IS 2347, bali utatarajia kuona kiwango cha EN 12778 pamoja na alama ya CE. Kwa hiyo, kukosekana kwa alama ya India hakuihukumu sufuria. Kinachoihukumu ni alama iliyowekwa nusu nusu, kwa sababu kiwanda chenye leseni hakina sababu ya kuificha namba yake.

Chapa ya tatu ya kuhakikiwa ni ujazo, na hii haihitaji simu. Chukua chupa ya maji ya nusu lita, ujaze sufuria hadi ukingoni huku ukihesabu. Ile ya kwanza ilimeza chupa tisa na kidogo zaidi ya nusu, yaani karibu lita 4.8. Sikushangaa, kwa kuwa kifuniko chake hukaa juu ya mdomo, na sehemu ya ujazo unaotajwa iko kwenye mbinuko wa kifuniko hicho. Ile ya pili ilijaa kwa chupa saba na nusu, yaani lita 3.75, na kifuniko chake kilikuwa bapa kama sinia. Lita nzima na zaidi ilikuwa imeandikwa lakini haikutengenezwa. Hapo ndipo yule mama alipoelewa kwa nini sufuria ilikuwa “inamkataa”: alikuwa akipima maharage kwa kipimo cha lita 5, sufuria ikajaa kupita kiasi, na maganda yakawa yanapanda hadi kwenye tundu la mvuke na kuliziba.

Sasa mikono. Sufuria hizi hupika kwa shinikizo la takriban kilo 1 kwa kila sentimita mraba. Kifuniko chenye kipenyo cha sentimita 20 kina eneo la sentimita mraba 314, kwa hiyo mvuke hukisukuma kwa nguvu ya kilo 314 hivi, yaani kama magunia matatu makubwa ya mahindi yaliyopachikwa chini ya kifuniko yakitaka kutoka. Mzigo huo haubebwi na mikono. Hubebwa na meno ya ukingoni pale yanapopandana. Lakini ni mikono inayokuonesha kama meno hayo yamepandana kweli: katika aina hii ya kifuniko kinachozungushwa, mkono wa juu ukikaa sawasawa juu ya mkono wa chini, meno yameingia yote, na ukibaki pembeni, meno yameingia kwa sehemu tu.

Kwenye sufuria ya kwanza, mikono ilikutana kama vidole viwili vilivyobanwa pamoja. Kishikizo cha chuma kilikuwa kimefungwa mwilini kwa nguvu, na bakelaiti ilishikwa kwenye kishikizo hicho kwa skrubu mbili zenye meno laini zilizoingia kwenye nati, na chini ya kila kichwa palikuwa na washa. Nilipoukamata mkono na kuupinda kushoto na kulia, sufuria yote ilizunguka pamoja nao. Kwenye ile ya pili, kishikizo kilikuwa kipande chembamba kilichochomelewa kwa nukta mbili ndogo kama mbegu za mtama, na skrubu moja ya meno makubwa, ya aina ya kuingilia mbao, ilijikita moja kwa moja kwenye bakelaiti bila nati. Mkono ulicheza kwa zaidi ya milimita mbili. Kifuniko kilipofungwa hadi mwisho, mkono wa juu ulibaki nusu upana wa kidole nje ya ule wa chini, na haukuwa na njia ya kusogea zaidi.

Mteja aliniuliza kama naweza kubadilisha mkono huo. Naweza, lakini sikukubali, kwa kuwa mkono mpya ungekuja kunyooka juu ya meno yale yale yasiyokutana, na dalili pekee iliyokuwa ikimwonya ingetoweka. Sufuria ile sasa hupikia ugali bila kifuniko.

Wapo wanaopenda aina ya kifuniko kinachoingia ndani ya mdomo na kubanwa na mvuke wenyewe kwa chini. Huko, kutokutana kwa mikono si kipimo cha meno, kwani hakuna meno. Mkono wa kifuniko hunasa kwenye ndoano ya mkono wa mwili ili kifuniko kikae mahali pake kabla ya mvuke kukikaba. Angalia hiyo ndoano. Ikiwa imekunjwa kutoka kwenye bati jembamba na inafunguka kwa kidole gumba, iache. Kwa mpishi anayetumia sufuria kila siku juu ya sigiri, mimi ningechagua aina hii, kwa kuwa kifuniko chake hakifunguki kirahisi wakati mvuke bado umo ndani.

Kikaango ni habari nyepesi zaidi. Kikaango bandia hukuharibia mayai kabla hakijakuunguza, na kwa hiyo naruhusu uamuzi wa bei uingie mapema. Jina maarufu kuliko yote katika kundi hili, Tefal, lilizaliwa Ufaransa mwaka 1956 kutokana na kuunganisha sehemu za maneno mawili, Teflon na alumini, na tangu hapo kitako cha kikaango kimekuwa ukurasa wa matangazo: jina, kipenyo, nchi, picha ndogo za majiko kinayofaa, na mara nyingi bilauri na uma, alama ya Ulaya ya vyombo vinavyogusa chakula. Yote hayo huigwa kwa urahisi. Hakuna namba ya leseni ya kutafuta.

Lakini chapa inaweza kukamatwa ikisema uongo. Ukiona picha ya waya uliojisokota kama konokono, maana yake kikaango kinafaa kwa jiko la induksheni, na jiko hilo halifanyi kazi bila chuma kinachovutwa na sumaku. Alumini haivutwi. Kwa hiyo kikaango cha alumini chenye picha hiyo lazima kiwe na bamba la chuma lililopachikwa kitakoni. Weka sumaku ndogo. Ikianguka, aliyepiga chapa hakujua alichokuwa anakiiga. Najua wengi wetu Kampala tunapikia mkaa au gesi na hatuna haja na induksheni, ila anayedanganya kuhusu bamba atadanganya pia kuhusu unene. Kadhalika, ukikuta CE imepigwa kwenye kitako cha kikaango cha kawaida, tia shaka: alama hiyo ina mahali pake kwenye sufuria ya presha, lakini kikaango kisichotumia umeme hakihitaji kuwa nayo. Kisha pima mdomo kwa futi. Kipenyo kinachoandikwa ni cha juu, kutoka ukingo hadi ukingo. Tofauti ya nusu sentimita isikusumbue. Tofauti ya sentimita mbili ni kikaango kingine kilichovaa jina la mwenzake.

Futi hiyo hiyo ilaze kwa ubavu juu ya kitako kilichopinduliwa. Kikaango kizuri kikiwa baridi huwa na mbonyeo mdogo katikati, na mwanga mwembamba hupita chini ya futi. Kikipata moto, kitako hutanuka na kunyooka. Kikiwa kimebinuka kwa nje tangu dukani, kitacheza juu ya jiko, na mafuta yatakimbilia pembeni.

Kuhusu mpini, watu wengi wameambiwa kwamba ribiti ni orijino na skrubu ni feki. Si kweli. Majina makubwa hutumia njia zote mbili. Swali ni ribiti ya namna gani. Ribiti imara ina kichwa kilichojaa, na ukitazama ndani ya kikaango, kichwa hicho kimelala vizuri ukutani. Ribiti ya kuvuta kwa bunduki, ile yenye tundu katikati na mabaki ya msumari ndani yake, huwekwa kutoka upande mmoja kwa haraka, na tundu lake hukusanya mafuta yanayooza na kuvuja. Ukiliona tundu hilo ndani ya kikaango chenye jina kubwa, funga mjadala. Kwa upande wa skrubu, iliyo nzuri huingia kwenye mguu wa chuma uliochomelewa ukutani, bila kutoboa kikaango, na kati ya mpini na kikaango kuna kola ya chuma ya kukinga moto. Kola hiyo ina maana zaidi kwetu kuliko kwa mwenye jiko la gesi, kwa sababu sigiri hutupa joto pembeni na kulilamba shina la mpini. Bakelaiti ya kweli haiyeyuki, huungua tu na kuwa kama mkaa, na ukiigonga kwa ukucha hulia kikavu. Plastiki ya kawaida hulia kwa sauti nene na kulegea baada ya wiki chache.

Kwa matumizi ya sigiri mimi huchagua mpini wa skrubu, hata kama wa ribiti unaonekana wa kifahari, kwa kuwa skrubu ikilegea unaikaza mwenyewe chombo kikiwa baridi, ilhali ribiti ikilegea unaniletea mimi. Tena, hakuna chapa wala mpini unaoweza kukuambia utando wa ndani ni mzuri kiasi gani. Utando wa aina ya Teflon huanza kuharibika ukipita nyuzi 260 za selsiasi hivi, na kikaango kitupu juu ya mkaa uliokolea hufika huko upesi, kiwe cha jina au kisiwe. Anayepikia mkaa pekee na bajeti yake ni ndogo namshauri anunue kikaango kizito kisicho na jina, chenye mpini uliofungwa vizuri, na fedha iliyobaki aipeleke kwenye sufuria ya presha.

Inabaki chupa ya chai, na hapa hata jina lenyewe lina hadithi. Mwaka 1963, mahakama ya rufaa nchini Marekani iliamua kwamba neno thermos limekuwa neno la kila mtu, ingawa kampuni yenyewe iliachiwa haki ya kuliandika kwa herufi kubwa ya mwanzo, Thermos. Kwa hiyo neno hilo likiwa kitakoni kwa herufi ndogo linakuambia aina ya chombo tu. Maandishi ya SUS304 au 18/8, yanayomaanisha chuma chenye takriban asilimia 18 ya kromiamu na 8 ya nikeli, hupigwa pia kwenye vyuma vya bei rahisi, na sumaku haitakusaidia sana, kwa kuwa hata chuma kizuri kilichokunjwa na kuvutwa kiwandani huweza kuvutwa kidogo.

Basi uangalie mkono, ukiwa na hoja moja kichwani. Chupa ya chuma hutunza joto kwa sababu kati ya kuta zake mbili kuna ombwe, yaani hewa imenyonywa. Ukuta wa nje ukitobolewa popote, hewa huingia na kazi imekwisha. Maana yake ni kwamba skrubu au ribiti iliyopita moja kwa moja kwenye ukuta wa nje wa chupa ya namna hiyo ni ungamo: hakuna ombwe, kuna hewa tu au sponji. Mkono wa kweli hufungwa kwa mkanda wa chuma unaoizunguka chupa, au hushikwa kwenye kishikizo kilichochomelewa juu ya ukuta bila kuutoboa. Ukiona skrubu, chungulia kama imeingia kwenye kishikizo au kwenye ukuta. Sheria hii haizigusi chupa kubwa zenye bilauri ya kioo ndani, kwani huko ombwe liko ndani ya kioo, na ganda la nje ni koti tu. Lijazie skrubu utakavyo.

Yule mama wa maharage alirudi kwangu baadaye na chupa mbili za lita 1.5, akaziweka pembeni mwa birika langu. Moja ilikuwa na jina kubwa kitakoni, na mkono wake ulichomelewa ukutani kwa nukta nne. Ya pili ilikuwa na 18/8 pekee, na mkono wake ulikuwa na mkanda. Tukazijaza maji yaliyochemka, tukazifunga, tukasubiri dakika kumi, kisha tukazipapasa. Kuzunguka shingo zote mbili zilikuwa na uvuguvugu, na hilo ni kawaida, kwa sababu pale kuta mbili hukutana. Chini ya shingo, ile ya mkanda ilikuwa baridi mwili mzima. Ile ya jina kubwa ilikuwa moto kote, na moto zaidi kando ya nukta ya tatu ya mkono, ambapo kwa mwanga wa tochi tuliona shimo dogo jeusi, la ukubwa wa ncha ya sindano, lililoachwa na mchomeleaji. Akaifuta ile ya mkanda kwa kanga yake, akauliza bei ya kikombe changu cha chai, na ile nyingine akaiacha mezani kwangu, ambapo sasa naiwekea misumari.